SOMO: Chupa na nyonyo za mtoto kwa sisi tunaochagua kwenye duka moja

Nimechoka kujibu inbox moja moja. Huku Kongwa duka lina aina mbili tatu basi, kwa hiyo sisemi nunua kampuni gani, nasema angalia nini.

1. Geuza chupa, tafuta pembetatu chini. Namba 5 au PP, chukua. Namba 7 yenye PC, acha. Haina alama yoyote, acha pia. Ya kioo nzuri ila inavunjika.

2. Chuchu ya silikoni (nyeupe, haina harufu) inavumilia kuchemshwa kuliko ile ya mpira wa kahawia.

3. Tundu. Hapa ndo niliharibu. Mwanangu wa miezi miwili alikuwa anamaliza mililita 60 kwa dakika 40, analia, chuchu inabonyea, nikasema tundu dogo, nikapasha sindano moto nikalipanua. Mlo uliofuata akapaliwa, maziwa yakatoka puani, nikapiga kelele majirani wakaja. Kumbe tatizo ilikuwa ile ringi nimeikaza mno, hewa haiingii! Legeza kidogo kwanza uone vibubujiko vikipanda. Ukipindua chupa, ya mtoto mchanga idondoke tone tone, isichuruzike. Chuchu namba 1 ya kampuni hii si sawa na namba 1 ya ile, jipimie. USITOBOE, USIKATE.

4. Osha kwa sabuni na brashi, fungua kila kitu. Sufuria, kitambaa chini plastiki isiguse moto, maji yafunike vyote, toa hewa iliyojificha ndani. Yakitokota ndo uanze kuhesabu dakika 10.

5. Nyonyo ya kumtuliza mtoto iwe kipande kimoja, sahani yake iwe pana kuliko mdomo na ina matundu ya hewa. Kamba shingoni hapana.

MASWALI

Mama Abdul: Dada kwani unachemsha dakika ngapi?
– Namba 4.

Baba K: Mi namwagia tu maji ya chupa ya chai, mbona mtoto mzima?
– Maji ya chai yanapoa yakigusa chupa, na mafuta ya maziwa hujaosha. Wewe endelea, usiniulize akiharisha.

Neema: Nyonyo ya mpira imekuwa inanata, nikiivuta inabaki ndefu. Bado nzima?
– Swali zuri mdogo wangu. Hiyo imekufa, tupa leo. Mpira unachoka kwa moto na mate, ukichanika kipande kinaingia kooni. Kila asubuhi ivute pande zote kabla hujampa, na ya silikoni pia.

Mama Abdul: Naweza kuichovya asali atulie?
– Chini ya mwaka mmoja asali HAPANA, ina vijidudu vya sumu tumbo lake haliwezi.

Neema: Na ule ukungu mweupe kwenye chupa?
– Chokaa ya maji ya kisima. Loweka na ndimu, suuza, ndo uchemshe. Na mkaa ukiisha huwezi kuchemsha chupa, mpe maziwa kwa kikombe kidogo safi, mkalishe wima, maziwa yaguse mdomo alambe mwenyewe, usimmiminie. Kikombe hakina kona za kuficha uchafu.