SOMO: Kukagua kwa picha kama helmeti ya pikipiki imekaa na kufungwa sawasawa

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia madereva wa pikipiki wanaosambaza mizigo hapa Dar es Salaam, na kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani kila mmoja ananitumia picha akiwa na helmeti kichwani. Tangu nilitaje jambo hilo hapa, viongozi wa vijiwe na wazazi wenye vijana wa boda wananitumia picha wakiuliza, "Hii imekaa sawa?" Swali ni lilelile na kasoro ni zilezile, kwa hiyo naliandika mara moja kwa wote.

Mjue kwanza kwamba picha moja haitoshi. Picha inaonyesha helmeti ilipo, lakini haionyeshi imebana kiasi gani. Mimi nataka tatu: ya ubavuni, ya chini ya kidevu, na ya mtu akiisukuma.

Hatua ya 1: Upigaji. Apige mtu mwingine, akiwa hatua mbili tatu kutoka kwa dereva, simu ikiwa usawa wa macho ya dereva. Dereva atazame mbele, mbali, asiinamishe wala kuinua kichwa. Selfi siipokei. Simu ikishikwa juu, ukingo wa mbele wa helmeti unafunika paji la uso, na helmeti iliyorudi nyuma vibaya inaonekana imekaa vizuri. Ikishikwa chini, unachungulia chini ya ukingo, na helmeti nzuri inaonekana imepanda.

Hatua ya 2: Kioo kifunguliwe, miwani ya jua ivuliwe, kola ya koti ishushwe.

Hatua ya 3: Ukingo wa mbele. Tazama nyusi. Kwa helmeti ya uso wazi, kati ya nyusi na ukingo paenee kidole kimoja au viwili vilivyolala. Kwa ile ya uso mzima, ukingo wa juu wa dirisha la macho uwe juu kidogo tu ya nyusi. Ukiona nusu ya paji la uso, helmeti imesukumwa nyuma, au ni ndogo na haijazama kichwani. Tazama na mashavu: kwenye helmeti ya uso mzima yanatakiwa yasogezwe kidogo kuelekea mdomoni. Ukiona kivuli cheusi kati ya shavu na sponji, hapo pana nafasi, na nafasi hiyo utaiona tena kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Mkanda. Hapa ndipo wakaguzi wengi wanadanganyika, kwa sababu wakiona mkanda umepita chini ya kidevu wanasema umefungwa. Kupita siyo kufungwa. Mwambie dereva ainue kidevu, picha ipigwe kutoka chini na kwa karibu, kisha ukuze picha mpaka uone kifungio chenyewe.

Kama ni cha pete mbili, fuata mkanda kwa jicho. Unatakiwa kupita ndani ya pete zote mbili kwa pamoja, halafu ugeuke, upite juu ya pete ya nje na kuingia chini yake, kati ya pete hizo mbili, mkia ukirudi upande ulikotoka. Ukivutwa, pete zinaubana wenyewe. Ukiona mkia umetoka kwenye pete na kuendelea mbele bila kugeuka, hapo hakuna kinachoshika. Ukivutwa kwa nguvu unachomoka wote. Na angalieni sana kile kifungo kidogo cha kubonyeza kilicho mwishoni mwa mkanda. Kazi yake ni kuzuia mkia usipeperuke na upepo, basi. Kuna madereva wanaobonyeza hicho tu na kuacha pete. Kwa mbali picha inaonekana safi kabisa, mkanda umetulia chini ya taya, kumbe helmeti imeshikiliwa na kifungo kinachofunguka kwa kuvutwa na vidole viwili.

Kama kifungio ni cha ulimi wenye meno, ulimi uwe umeingia ndani ya nyumba yake, siyo umeshika jino la mwanzo tu. Kile cha plastiki cha kubofya kisiwe na ufa kati ya nusu zake mbili. Ukiona ufa, kimeingia nusu.

Baada ya kifungio, tazama urefu. Mkanda ukae chini ya taya karibu na koo, usikae kwenye ncha ya kidevu, maana hapo unateleza na kupanda mdomoni. Kwenye picha ya ubavuni, ukiona mwanga kati ya mkanda na ngozi, umelegea. Mwambie aingize vidole viwili kati ya mkanda na koo, apigwe picha: viingie kwa kubana. Ngumi ikipita, arekebishe urefu hata kama kifungio kimefungwa sawasawa. Vifungio vya kubofya hukosewa sana hapa, kwa sababu mtu akishasikia mlio anaridhika, wakati urefu uliwekwa na mwenye helmeti wa zamani.

Hatua ya 5: Picha ya kusukuma. Mkanda ukiwa umefungwa, mtu asimame nyuma ya dereva, aweke viganja chini ya ukingo wa kisogoni, asukume kwenda juu na mbele kwa nguvu ya kawaida. Picha ipigwe kutoka ubavuni wakati anasukuma. Iweke kando ya ile ya kwanza. Ukingo wa mbele ukishuka ukafunika macho, au kisogo kikatokeza, imeshindwa. Kaza mkanda, rudia. Ikishindwa tena, tatizo ni ukubwa wa helmeti au sponji zilizokufa, na mkanda hautaliponya.

Mfano wa juzi. Dereva mgeni katumia picha akiwa na helmeti nyekundu ya uso mzima, imepigwa kutoka mbele, simu usawa wa kifua. Paji la uso lilionekana pana, lakini simu ilikuwa chini, kwa hiyo sikumhukumu kwa hilo. Nikaomba ya ubavuni: ukingo upo mahali pake. Chini ya kidevu: pete mbili, mkia umegeuka vizuri, vidole viwili vimebana. Mkaguzi mwingine angeishia hapo. Lakini shavuni kulikuwa na kivuli cheusi, na alipofika kwenye kusukuma, ukingo ukateremka mpaka kwenye kope. Mkanda ulikuwa sawa kabisa, helmeti ndiyo kubwa. Alipewa ndogo zaidi ya aina hiyohiyo, na safari hii ukingo ukagoma juu ya nyusi.

Maswali karibuni.

———

Kijana wa Mbagala: Mkuu mimi hii yangu iko poa? (picha)

Mwandishi: Selfi, kutoka juu, kioo kimefungwa. Rudi hatua ya 1 na ya 2.

Mama Salma: Kaka, shikamoo ya asubuhi na asante kwa somo. Mimi ni abiria wa kila siku na navaa hijabu. Helmeti ya boda inakaa juu juu, na mkanda hauonekani kabisa kwenye picha. Nifanyeje?

Mwandishi: Karibu sana dada. Mara nyingi kinachoinua helmeti ni fundo la nywele utosini, siyo hijabu yenyewe. Fundo lishushwe mpaka shingoni, chini ya ukingo wa nyuma. Hijabu iwe ya kitambaa chepesi, tabaka moja, isiwe na pini juu ya kichwa wala pembeni mwa masikio, maana pini ikibanwa na sponji inaumiza hata bila ajali. Mkanda upite nje ya kitambaa, chini ya taya, ndipo utaonekana na utaukaza vizuri. Kisha baada ya dakika chache uukaze tena, kwa sababu kitambaa kinajipanga na mkanda unalegea. Kilemba kinene hakikubali. Huwezi kupata helmeti itakayoshika juu yake.

Mama Salma: Nimeshusha fundo, imezama! Kumbe ndiyo hiyo.

Mwandishi: Safi. Sasa akusukume mtu kisogoni uone.

Dereva Huru: Nyie mnatisha watu. Nimeendesha miaka yote mkanda wazi, sijafa. Ukifunga joto linakuua.

Mwandishi: Joto linatoka kwa kufungua kioo na matundu ya hewa. Mkanda hauna tundu la hewa. Kama hufungi, helmeti itatangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini.

Dereva Huru: Nabonyeza kile kifungo kidogo lakini.

Mwandishi: Soma hatua ya 4, aya ya pili.

Mwanafunzi wa VETA: Mwalimu, naomba kuelewa: kwa nini kusukuma kutoka nyuma na siyo kuivuta tu juu?

Mwandishi: Swali zuri sana. Helmeti ikiwa imefungwa, mara nyingi haitoki kwa kupanda wima, inatoka kwa kubingirika. Mkanda umeshikiliwa pande mbili karibu na masikio, na hapo ndipo helmeti inapozungukia. Kisogo kikiinuka, ukingo unateremka usoni na helmeti yote inafuata. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, ile ya helmeti zenye herufi E ndani ya duara, ina kipimo cha jambo hilohilo: helmeti inavalishwa kichwa bandia, uzito wa kilo 10 unaachiwa kutoka nusu mita na kuivuta kutoka nyuma, na haitakiwi kuzunguka zaidi ya nyuzi 30. Mikono yetu ni kipimo dhaifu kuliko hicho, kwa hiyo ikishindwa mikononi, hapo pa kubishana hakuna. Ukiweza, piga video fupi badala ya picha, utazame ngozi ya paji la uso: helmeti inayobana inaburuta ngozi, iliyolegea inateleza juu yake.

Mwanafunzi wa VETA: Nimekupata mwalimu. Hiyo E inakaa wapi?

Mwandishi: Kwenye lebo iliyoshonwa, mara nyingi kwenye mkanda. Ukiwa unapiga picha ya chini ya kidevu, igeuze lebo upige na yenyewe. Baada ya namba, herufi P ni kidevu chenye kinga, J ni uso wazi, NP ni kidevu kisichokinga hata kama kinaonekana kigumu.

Fundi Spea Kariakoo: Naongezea kidogo wakuu. Sponji zilizokufa nyingi zimejaa jasho na vumbi tu. Zinazochomoka zivueni, mzifue kwa mkono na sabuni ya kawaida, zikauke kivulini siku nzima. Zikiwa bado zimelala baada ya hapo, tafuta nyingine za namba ileile.

Mwandishi: Ahsante fundi. Na msijaze magazeti wala sponji ya godoro ndani. Picha itapendeza, lakini helmeti itakaa juu kuliko inavyotakiwa.

Mwenyekiti wa Kijiwe: Sisi tunataka kuandika namba kwenye helmeti kwa rangi ya kupuliza, ili picha zisichanganyike. Inafaa?

Mwandishi: Hapana mzee wangu. Helmeti nyingi za boda zina gamba la plastiki, na kemikali za rangi hizo zinaidhoofisha bila kuacha alama ya kuonekana. Petroli na tina vivyo hivyo, msifutie. Namba iandikeni kwenye koti la kuakisi mwanga, kifuani, na dereva asimame lionekane kwenye picha ya ubavuni.