Somo: Kujua idadi ya marejesho na tarehe ya rejesho la mwisho

Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Uyole alikopa 1,000,000 tarehe 31 Desemba 2025 kwa ajili ya mbolea ya viazi. Riba ni 2% kwa mwezi juu ya salio linalopungua, rejesho ni 100,000 kila mwisho wa mwezi, na la kwanza ni 31 Januari 2026. Akaniuliza: nitamaliza lini?

Hatua ya kwanza: marejesho ni mangapi?

Wengi hugawa 1,000,000 kwa 100,000 na kupata 10. Hapo riba imesahauliwa. Mwezi wa kwanza riba ni 20,000, kwa hiyo katika ile laki moja, deni linapungua kwa 80,000 tu na kubaki 920,000. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 18,400, deni linabaki 838,400. Ukiendelea hivyo kwenye daftari hadi rejesho la 11, utakuta bado unadaiwa kama 26,503. Kwa hiyo lipo la 12, nalo ni dogo: salio hilo pamoja na riba yake, yaani kama 27,033.

Mwenye Excel au Google Sheets atapata jibu kwa mstari mmoja:

```
=NPER(2%,-100000,1000000)
```

Inatoa 11.27 hivi. Alama ya kutoa mbele ya 100000 ni ya lazima, kwa kuwa hiyo ni pesa inayotoka mkononi mwako. Desimali ikitokea, panda juu hata kama ni ndogo: 11.27 ni marejesho 12. Ukishuka hadi 11, utadhani umemaliza na deni bado lipo.

Hatua ya pili: tarehe ya mwisho

Hapa ndipo mama alipokosea, na nimeona kosa hili kwa wengi. Aliweka kidole kwenye Januari ya kalenda ya ukutani, akakisogeza hadi Februari ndipo akasema "moja". Akafika 12 kwenye Januari 2027. Lakini rejesho la Januari 2026 lenyewe ndilo la kwanza. Toka la kwanza hadi la 12 unaruka miezi 11, si 12. Kwa hiyo ondoa moja kwenye idadi, kisha ongeza miezi hiyo kwenye tarehe ya kwanza:

```
=EDATE(DATE(2026,1,31),11)
```

Jibu ni 31 Desemba 2026. Ukiona 46387 badala ya tarehe, hesabu haijaharibika. Badilisha tu seli isomeke kama tarehe.

Angalia jambo moja kwa wanaolipa tarehe 29, 30 au 31. Februari 2026 ina siku 28, kwa hiyo rejesho la pili linaangukia tarehe 28. Ukihesabu kila tarehe kutoka iliyoitangulia, utabaki na 28 hadi mwisho na kupata 28 Desemba. Hesabu daima kutoka tarehe ya kwanza. Tarehe ya kwanza ikiwa A1, andika hivi kwenye A2 na uvute hadi A12:

```
=EDATE($A$1,ROW()-1)
```

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mafinga: Mweka hazina, sisi riba yetu haipungui, ni 20,000 kila mwezi mpaka mwisho. Hesabu ni ile ile?*

Hapana, ndugu yangu, na NPER usiitumie hapo. Kila laki inapunguza deni kwa 80,000 tu, mwanzo hadi mwisho. Gawa 1,000,000 kwa 80,000, unapata 12.5, yaani marejesho 13. La mwisho ni 40,000 na riba 20,000, jumla 60,000, na tarehe yake ni 31 Januari 2027.

*Mwanachama, Tukuyu: Nikiomba kuanza kulipa 31 Machi mpaka nivune, si nitamaliza tu miezi miwili baadaye?*

Tarehe ndiyo, dada, lakini si kwa pesa ile ile. Kama mkataba unaongeza riba ya miezi hiyo miwili kwenye deni, unaanza na 1,040,400. NPER inatoa 11.78, bado marejesho ni 12, la mwisho likiwa 28 Februari 2027. Ila hilo la mwisho si 27,033 tena, linafika kama 78,270. Uliza kabla ya kusaini kama riba inahesabiwa katika kipindi hicho cha kusubiri.

*Mwanachama, Makambako: Nimeweka rejesho la 20,000, kompyuta ikaandika #NUM!. Nimekosea wapi?*

Hujakosea kuandika, kaka. Riba ya mwezi wa kwanza ni hiyo hiyo 20,000, kwa hiyo deni halipungui hata shilingi na tarehe ya mwisho haipo. Weka 25,000 uone: itakuambia 81.27 hivi, yaani marejesho 82.