Kupima vipande vya mwandishi wa mahakama dhidi ya tangazo la kazi

Hatua ya 1: Geuza tangazo kuwa maswali. Sisi Arusha tulitafuta mwandishi wa habari za mahakama na za Jumuiya ya Afrika Mashariki, awezaye kutuma stori kabla ya saa 11 jioni siku ileile, na kupiga na kuhariri video kwa simu. Hayo ni maswali matatu. Wasifu nauweka pembeni, naanza na vipande, yaani stori za mwombaji zilizokwisha kuchapwa gazetini.

Hatua ya 2: Vipange kwa chanzo cha habari. Mwombaji mmoja alijaza "mahakama, miaka 4", akaambatanisha vipande 8. Vitano vilikuwa hotuba za kufungulia semina pale kituo cha mikutano cha AICC. Kimoja cha mahakama kilibeba jina "Mwandishi Wetu", nacho hakihesabiki mpaka mhariri wake wa zamani akithibitishe. Vikabaki viwili.

Hivyo visome polepole. Arusha kuna mahakama mbili ambazo wageni huzichanganya: ya Afrika Mashariki, inayotafsiri Mkataba wa Jumuiya, na ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo chombo cha Umoja wa Afrika. Kipande cha kwanza kilisema Mahakama ya Afrika Mashariki "imeitia hatiani" serikali. Lakini mahakama hiyo haisikilizi kesi za jinai. Kwenye shauri kama hilo huamua iwapo nchi imekiuka Mkataba. Nilikaribia kumkata. Ila gazeti hupitia mikono mingi, kwa hiyo nikamwomba nakala aliyomtumia mhariri. Neno lake lilikuwa "imekiuka". Dawati la wahariri ndilo lililolibadilisha. Tangu hapo siamini ufasaha wala kosa la kipande kilichochapwa kabla sijaona nakala ghafi.

Kipande cha pili kilikuwa na majibizano ya wakili na jaji kuhusu tarehe ya kufungua shauri. Maneno ya namna hiyo hayamo kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Alikuwamo chumbani.

Hatua ya 3: Linganisha siku ya tukio na siku ya kuchapwa. Hukumu ilisomwa Alhamisi asubuhi, stori ikatoka Jumatatu. Inaonekana amechelewa, kumbe nafasi ilikosekana: barua pepe yake ilionyesha Alhamisi, saa 10:20 jioni. Muda wa kutuma ndio ushahidi, tarehe ya gazeti ni dalili tu.

Hatua ya 4: Tazama mstari wa "Picha na". Kwenye vipande vyote lilikuwapo jina la mpigapicha mwingine. Nikaomba video aliyoipiga mwenyewe pamoja na faili zake kabla ya kuhaririwa. Alileta faili moja: mahojiano nje ya geti, simu imesimama wima, upepo umemeza sauti, hakuna picha ya jengo wala ya nyaraka ya kufunikia pale mahojiano yanapokatwa.

Kwenye karatasi yangu niliandika: mahakama ndiyo, muda ndiyo, video bado. Nikamwita kwa usaili, nikampa simu na dakika 40 alete video ya sekunde 60 kutoka barabarani mbele ya ofisi.