Hadithi ya picha ya familia: mpe kazi ya kivuli

Kama unaandika hadithi fupi ya yule jamaa anayefanya kazi ughaibuni, anajiingiza kwenye picha ya familia siku wote wamerudi nyumbani kasoro yeye, usihangaike kumliza, mpe kazi ya kivuli. Picha ya nyumbani imepigwa nje jua la saa tisa alasiri, vivuli vyote vimelala kushoto, yeye kajipiga usiku chumbani chini ya taa ya tyubu, uso una mwanga wa kibuluu na miguu haina kivuli. Sasa muonyeshe anavyojikata kwenye simu, nywele zinabaki na ukingo mweupe, anajipunguza maana kawa mrefu kuliko mlango, anaongeza umanjano kidogo usoni, halafu anachora kivuli chake kwa kidole, anakififisha, anafuta, anachora tena. Msomaji ataumia mwenyewe hapo.

Halafu kuna nafasi, hii wengi wanaisahau. Watu wamebanana, kwa hiyo lazima achague amfunike nani bega au asimame pembeni kama mgeni. Mimi ningemfanya agundue kati ya mama na mdogo wake kuna upenyo wa mtu mmoja, na hakuna aliyeupanga.