Jinsi ya kuandaa bango la Kichina la kuwakaribisha wageni hifadhini

Mfano wetu ni bango la lango la Serengeti, kwa wageni wa China bara. Hao husoma mwandiko uliorahisishwa. Ule wa jadi ni wa Taiwan na Hong Kong. Mwambie mfasiri mapema ni upi unaoutaka.

1. Nyoosha maandishi ya Kiswahili kwanza

Makosa mengi huanzia hapa. Ukiandika "lango hufunguliwa saa 12", mfasiri asiyejua saa zetu ataweka 12, na mgeni atafika adhuhuri. Andika 6:00–18:00. Ukipitia Kiingereza, jihadhari na neno lao "game", la wanyama wa porini, ambalo pia lina maana ya mchezo: tafsiri ya haraka huleta 游戏, yaani mchezo, na matembezi ya kuangalia wanyama yanageuka kitu cha kuchezea kwenye simu.

2. Andika mistari michache

```
欢迎来到塞伦盖蒂国家公园
请勿下车，指定地点除外。
请勿投喂动物。
请保持安静。
未经许可，禁止使用无人机。
开放时间：6:00–18:00
```

Kwa mpangilio: karibu Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, usishuke garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, usilishe wanyama, tulia bila kelele, droni ni marufuku bila kibali, saa za lango.

3. Pima ukali wa maneno

请勿 ni "tafadhali usi-", na 禁止 ni "marufuku". Ukijaza 禁止 kila mstari, bango la kukaribisha linasomeka kama la kituo cha polisi. Sisi tungeliacha kwenye droni tu. Katazo la kulisha liongezewe sababu, kwa kuwa mgeni anayemrushia nyani ndizi huona anafanya wema: nyani aliyezoea chakula cha watu huanza kunyang'anya, na anang'ata.

4. Simama na fundi wa mabango

Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno, hivyo fundi asiyekijua hukata mstari popote. Tazama:

```
请勿
下车
```

Aliye mbali huona mstari wa chini peke yake, na 下车 maana yake ni "shuka garini". Punguza ukubwa wa herufi hadi herufi zote nne zikae pamoja.

Visanduku vitupu kwenye skrini vina maana kwamba kompyuta haina fonti ya Kichina. Weka Noto Sans SC. Kisha geuza maandishi kuwa michoro kabla ya kutuma faili, ili mashine ya kuchapia isibadilishe fonti.

5. Rudisha tafsiri

Mpe msomaji wa Kichina ambaye hajaona maandishi yako sampuli iliyochapwa, akueleze kwa Kiswahili kila mstari unamtaka afanye nini. Akisita kwenye 指定地点, "sehemu zilizotengwa", ongeza mchoro mdogo wa meza ya kulia chakula pembeni ya mstari huo.