Karafuu kwa jino linaloumwa: punje, tone, na chupa isiyopaswa kumfikia mtoto

Baridi ya Juni ikishika huku Uyole, simu zangu za usiku huwa ni za meno. Anayepiga mara nyingi ameshapaka mafuta ya karafuu, tena mengi. Mimi ni tabibu wa meno na karafuu siipingi. Hata dawa tunayozibia jino kwa muda huchanganywa na yujenoli, kiini kile kile kinachofanya karafuu inukie na kutia ganzi. Ugomvi wangu ni na kipimo.

Hatua ya 1: anza na punje. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, kisha toa mabaki ya chakula kwa uzi. Weka punje moja ya karafuu kavu kando ya jino, ilainike kwa mate, halafu ibane taratibu bila kuitafuna. Baada ya dakika 10 hivi iteme. Kwa mtu mzima, mara tatu kwa siku zinatosha.

Hatua ya 2: mafuta, kwa mtu mzima tu. Tone 1 la mafuta ya karafuu ndani ya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kisidondoke, gusa tundu la jino na si ufizi, kisha tema mate. Usichanganye na maji. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji, huzama chini, na utakachopaka kinaweza kuwa mafuta makali yale yale uliyodhani umeyapunguza.

Hatua ya 3: fanya hesabu hii kabla hujamgusa mtoto. Punje moja ina uzito wa kama sehemu ya kumi ya gramu, na mafuta ndani yake hayazidi sana miligramu 20. Tone moja la chupa lina kama 40, yaani punje mbili au zaidi kwa mkupuo. Kijiko cha chai ni zaidi ya punje 200! Nani angemtafunisha mtoto punje 200?

Wataalamu wa WHO na FAO waliweka kikomo cha yujenoli cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata 30. Tone moja lisilochanganywa linamfikisha hapo. Kuvuka kikomo hicho si sumu papo hapo, ila kunaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu. Watoto waliokunywa kijiko kimoja au viwili vya chai wamepatwa na usingizi mzito, degedege, sukari kushuka na ini kufeli. Ini ndilo linalovunja yujenoli, na ikizidi huishiwa kinga yake, kama inavyokuwa paracetamol ikizidi.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi tisa aliyekuwa anaota meno. Alimsugua ufizi kwa kidole kilicholowa mafuta matupu. Ufizi ulikuwa na bamba jeupe, pembeni nyekundu, mate yanachuruzika, ziwa hataki. Hilo ni jeraha la kuungua, ingawa yeye alidhani ni utando wa kinywa. Tulishukuru kwamba hakumeza mengi.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Makambako:* Kamwene daktari. Wangu ana miaka mitatu, kilo 12, jino limetoboka. Nimpe nini usiku huu?

Kamwene mama. Karafuu hapana, hata punje, maana inaweza kumkaba. Mpe paracetamol ya maji: miligramu 15 kwa kilo, kwake 180. Ikiwa chupa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml, hiyo ni 7.5 ml, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Asubuhi mlete.

*Kaka wa Tukuyu:* Mtoto akishakunywa, nimtapishe?

Usimtapishe, mafuta yataingia kwenye mapafu. Futa kinywa chake, chukua chupa, nenda hospitali sasa hivi hata kama anacheza. Madhara ya ini yanaweza kuchelewa siku moja au mbili.

*Dada wa Mafinga:* Nimepaka siku mbili, maumivu yameisha. Nimepona?

Pole dada, pengine mshipa wa jino umekufa, na usaha unaweza kuanza chini kimya kimya. Shavu likivimba, homa ikipanda au mdomo ukigoma kufunguka, usisubiri kuche.

*Mzee wa Mbalizi:* Ndaga. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Ndaga mzee wangu. Mafuta yaache kabisa, karafuu nayo inaweza kuifanya damu iwe nyepesi. Ukija kliniki, itaje dawa hiyo kabla hatujang'oa jino lolote.