Chupa ya amoksilini iliyosahaulika kwenye droo

Jamaa wakikutumia picha ya dawa kuukuu wakuulize kama zinafaa, chunguza kwanza chupa ya amoksilini ya watoto, kwa kuwa ndiyo inayodanganya zaidi. Tarehe iliyo mbele ya herufi EXP huihusu dawa ikiwa bado ni ungaunga mkavu. Ikishakorogwa na maji, hudumu siku 7 hadi 14 tu, kwa kufuata maelezo ya kibandiko, na aina nyingine huhitaji friji. Kwa hiyo, picha ikionyesha maji ya rangi ndani ya chupa, au mashapo yaliyoganda chini, na hakuna aliyeandika siku ilipokorogwa, hukumu yake ni kutupwa, hata kama EXP haijafika. Picha haionyeshi joto, na droo ya nyumba ya Mombasa huwa na fukuto jingi.

Usiimwage kwenye sinki wala chooni, kwani kiuavijasumu kama hiki kikifika majini huweza kuwazoesha vijidudu dawa. Uliza kwanza duka la dawa au hospitali iliyo karibu kama hupokea dawa za kutupwa. Wasipopokea, mimina dawa kwenye mfuko wa plastiki wenye majani ya chai yaliyokwisha kupikwa au mchanga, uchanganye mpaka maji yote yafyonzwe, ufunge kwa nguvu, kisha uutie ndani ya taka za nyumbani. Kibandiko chenye jina la mtoto kibandue, na chupa usimwachie mtoto aichezee.